Akaunti ya Google imegoma, namba ya zamani huna na barua pepe ya akiba imekufa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ofisini kwangu, ambako watu huja kuchapa barua na kujaza fomu za mtandaoni, suala hili halipiti wiki bila kuletwa. Mtu amesimama kaunta na simu mpya mkononi, ukurasa unamwambia msimbo umetumwa kwenye namba inayoishia na 47, na namba hiyo aliipoteza pamoja na simu iliyoibwa miaka mitano iliyopita. Njia ya pili anayopewa ni barua pepe ya akiba, na hiyo ni anwani ya Yahoo aliyoifungua akiwa kidato cha nne. Majibu haya yanahusu akaunti za Google, yaani Gmail na vyote vinavyoning'inia juu yake, kwa sababu ndizo ninazozishughulikia kila siku.

Nianzie wapi?

Usianze na ukurasa wa kurejesha akaunti. Anza kwa kujiuliza kama kuna kifaa chochote ambacho akaunti hiyo bado iko wazi: simu ya zamani iliyopasuka kioo na kutupwa kwenye droo, tableti ya watoto, kompyuta ya ofisi uliyoacha, runinga ya sebuleni uliyoingizia YouTube. Watu wengi hujibu "hakuna" kabla hawajafikiri. Wape dakika mbili, utasikia: "Ngoja, kuna simu nilimpa mdogo wangu."

Kifaa hicho kina thamani kuliko namba na anwani zote mbili. Kikiwa ni simu au tableti, Google inaweza kukitumia kuuliza kama ni wewe unayejaribu kuingia, ukabonyeza `Yes`, habari ikaisha. Kwa hiyo ukikipata, usiitoe akaunti, usifute data, na usikubali fundi akiflashi. Simu ya Android ikifutwa bila akaunti kuondolewa kwanza, ikiwaka inaweza kudai akaunti ileile uliyofungiwa, na hapo umekuwa na matatizo mawili.

Namba ya zamani sina tena. Ndiyo basi?

Inategemea "sina" yako ni ya aina gani, na hapa ndipo watu hukata tamaa mapema.

Kama laini ilipotea au kuibwa lakini ilisajiliwa kwa jina lako, namba yenyewe huenda bado ni yako. Nenda duka la mtandao husika na kitambulisho, hapa Tanzania pamoja na alama ya kidole, uulize kama inaweza kurudishwa. Nimeona laini iliyokaa kimya muda mrefu ikirudi kwa dakika kumi, na mwenye nayo alikuwa ameshajiandaa kufungua Gmail nyingine.

Kama laini ilisajiliwa kwa jina la mjomba au la rafiki, jambo lililokuwa la kawaida sana kabla ya usajili wa alama za vidole, ni yeye anayepaswa kwenda. Nauli ya mjomba ni gharama ndogo.

Kama imekaa bila kutumika hadi kampuni ikaifunga, namba hurudishwa sokoni na kuuzwa kwa mtu mwingine. Piga. Ikiita na akapokea usiyemjua, huyo ndiye mwenye namba sasa, na duka haliwezi kumnyang'anya.

Basi si nimpigie huyo mwenye namba mpya, anisomee msimbo?

Mimi simshauri mtu kufanya hivyo. Kwanza, mwenye akili timamu atakataa, maana hivyo hivyo ndivyo matapeli wanavyoomba: "Samahani, kuna ujumbe umeingia kwako kimakosa, nisomee tarakimu sita." Pili, akikubali, umeshamweleza kwamba ana ufunguo wa akaunti yako. Anaweza kuutumia kesho usiku ukiwa umelala.

Ila hilo la pili lichukulie kwa uzito hata kama humpigii. Namba ya zamani ikiwa bado imeandikwa kwenye akaunti yako na sasa iko kwa mtu mwingine, ni mlango ulioacha wazi. Ukifanikiwa kuingia, kuiondoa ndiyo kazi ya kwanza.

Na barua pepe ya akiba?

Ukurasa hukuonyesha herufi chache tu na nukta katikati. Zisome vizuri, kwa sababu mara nyingi mtu anadhani ni Yahoo kumbe ni anwani ya kazini au Gmail nyingine aliyoifungua akaisahau.

Ikiwa ni Yahoo au Hotmail, jaribu kwanza kuirejesha hiyo. Ina njia zake za kurejeshea, na huenda yenyewe inakumbuka namba uliyonayo mpaka leo. Tatizo ni muda. Yahoo hufuta sanduku lililokaa miezi 12 bila mtu kuingia; akaunti za Microsoft zinataka uingie angalau mara moja ndani ya miaka 2.

Ikiwa ni anwani ya chuo au ya mwajiri wa zamani, haifi kwa sababu umeondoka, inazimwa na mtu. Mwandikie mtu wa kompyuta wa pale, umweleze kwamba unahitaji ujumbe mmoja tu upokelewe. Mwambie siku na saa utakayojaribu, ili awe amekaa tayari, maana msimbo haudumu. Wengine watakataa kwa sababu ya kanuni zao, na wana haki.

Na ikiwa akaunti yenyewe uliyofungiwa ni ya ofisi au shule, si ya `@gmail.com`, acha kusoma hapa. Msimamizi wa taasisi anaweza kukubadilishia nywila mwenyewe.

Ukurasa wa kurejesha ni upi, na nijaze nini?

Andika `g.co/recover` kwenye kivinjari, kwa mkono. Usiutafute kwa kusachi ukabonyeza tangazo la kwanza.

Utaandika anwani yako, kisha itakuja njia moja ya kuthibitisha. Usipoweza, bonyeza `Try another way`, italeta nyingine. Utakapoonyeshwa namba iliyokufa, usibonyeze kutuma, pita. Utakapoulizwa nywila ya mwisho unayoikumbuka, hapo usipite. Nywila ya zamani, hata kama si ya sasa, ni ushahidi: mgeni hajui ulikuwa unatumia nini mwaka 2021. Weka ile ya karibuni zaidi unayoikumbuka, pamoja na herufi kubwa na alama zake. Ukiwa na shaka kati ya mbili, kisia, kwa sababu kisio lenye ukweli ndani yake lina faida kuliko kuruka swali.

Ikiwa uliwahi kuhifadhi nywila kwenye Chrome ya kompyuta fulani, fungua hapo `chrome://password-manager/passwords` uangalie. Nimewahi kumkuta mtu ambaye nywila yake ilikuwa imelala pale wakati wote.

Inaweza kufika hatua ukaombwa anwani ambayo unaweza kuifungua sasa hivi. Hiyo haina haja ya kuwa ya akiba. Weka yoyote unayoimiliki kweli, ya mkeo au mumeo isiwe, kwa sababu majibu yatakuja huko na huenda yasije leo. Kagua na folda ya taka.

Kwa nini nikijaribu kwenye intaneti kafe inakataa, nyumbani inakubali?

Kwa sababu majibu yako si kitu pekee kinachopimwa. Google yenyewe inashauri utumie kifaa unachokitumia mara kwa mara, kivinjari kilekile, na uwe mahali ulipozoea kuingilia. Kwa hiyo laptopu yako ya zamani, kwenye waifai ya nyumbani, inazungumza kwa niaba yako kabla hujaandika chochote. Kompyuta ya kafe, ambayo leo imeshajaribiwa na watu kumi, inakuchafulia.

Hii inanigusa kibiashara, lakini ukweli ni kwamba wateja wengi wa shida hii nawarudisha nyumbani. Ofisini kwangu nawapa maelekezo kwenye karatasi, kujaribu wakajaribie kwao. Na wakijaribu kwao, wasiwashe VPN, maana hiyo huonyesha kana kwamba uko mahali pengine.

Imeandika `Too many failed attempts`. Nifanye nini?

Uache. Kila jaribio la haraka linaweza kurefusha kusubiri, na halikuongezei ushahidi mpya. Google haikuwekei idadi ya mwisho ya kujaribu, unaweza kurudi, ila urudi ukiwa na kitu ambacho mara ya kwanza hukuwa nacho: kifaa kingine, mahali pengine, nywila nyingine uliyoikumbuka. Kujaribu mara nane kwa majibu yaleyale ni jaribio moja.

Nywila naijua, lakini inadai msimbo wa simu. Hiyo ni shida ileile?

Hapana, na watu huzichanganya. Hapo hujasahau nywila. Umekwama kwenye uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nywila kwanza, kisha msimbo. Njia zako ni tofauti kidogo.

Tafuta kwanza kifaa ambacho uliwahi kuweka tiki kwenye `Don't ask again on this device`. Hicho hakiulizi msimbo. Kisha tafuta karatasi. Google hutoa misimbo ya akiba 10, kila mmoja tarakimu 8, na kila mmoja hutumika mara moja tu. Wakati unawasha hatua mbili huenda uliipakua ukaisahau: tafuta kwenye kompyuta faili lenye maneno `backup-codes` katika jina lake. Vyote vikikosekana, ukurasa ule ule wa kurejesha utapokea ombi lako, na kwa akaunti yenye hatua mbili uhakiki unaweza kuchukua siku 3 hadi 5 za kazi.

Simu ya zamani ninayo, lakini haina laini wala intaneti, na tachi imekufa. Inafaa kitu?

Inafaa sana. Wacha nieleze kisa kimoja chote, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu nilichosema.

Mwalimu mmoja wa sekondari alikuja Jumatatu. Akaunti aliifungua 2014. Namba ya akiba ilikuwa ya laini aliyoiacha 2019, na nilipoipiga akapokea mama mmoja mkali ambaye hakutaka maelezo. Anwani ya akiba ilikuwa Yahoo. Tulipojaribu, ikasema haitambuliki. Simu yake ya mwisho ilidondoka bafuni, akanunua nyingine, akaandika nywila aliyodhani ni yenyewe, ikagoma. Kabla ya kuja kwangu alikuwa amejaribu mara sita kwenye kompyuta ya rafiki, na akaunti ikamwambia asubiri.

Nikamuuliza simu iliyodondoka iko wapi. Ipo, inawaka, inaonyesha picha, ila kioo hakisikii kidole. Tukaichaji. Nikachomeka waya wa OTG, ule mfupi wenye tundu la USB upande mmoja, na kwenye tundu nikachomeka kipanya cha kawaida cha kompyuta. Kishale kikatokea kwenye skrini. Akaburuta kwa kipanya kuchora patani yake, simu ikafunguka. Akakaa kimya, kisha akacheka peke yake.

Simu hiyo haikuwa na laini, na redio ya waifai nayo ilikuwa imekufa kwa maji, kwa hiyo swali la `Yes` lisingeweza kuifikia. Lakini ukibonyeza `Try another way` mara za kutosha, akaunti iliyo kwenye simu ya Android inaweza kukuletea chaguo hili:

```
Use your phone or tablet to get a security code (even if it's offline)
```

Maneno ya mwisho ndiyo ya kushika: hata kama haina mtandao. Kwenye simu ya zamani unaingia `Settings`, kisha `Google`, unatafuta `Security code`. Kwenye simu nyingine kimefichwa ndani ya `Manage your Google Account`, sehemu ya `Security`. Inakupa msimbo papo hapo, kwa muda mfupi.

Hatukuutumia ofisini. Tulihakikisha tu tunajua ulipo, kisha nikamwambia aende nyumbani na simu, waya na kipanya, asubiri mpaka Jumatano ile zuio la majaribio mengi lipoe, afungue laptopu yake ya kila siku kwenye waifai ya nyumbani. Jumatano jioni akaweka nywila ya mwisho aliyoikumbuka, akapita namba iliyokufa, akapita Yahoo, akafika kwenye msimbo, akausoma kwenye skrini iliyopasuka. Ukurasa haukumfungulia hapo hapo. Ukamwambia ombi limepokelewa na aangalie barua pepe nyingine aliyoiweka. Kiungo cha kubadilisha nywila kikaja Ijumaa.

Bila ile simu ya bafuni, sidhani tungefika.

Kwa nini walimchelewesha kama alishathibitisha?

Ili mwenye akaunti halisi, kama si huyo anayeomba, apate muda wa kuona na kukataa. Wakati ombi linasubiri, vifaa vilivyo ndani ya akaunti hupata taarifa kwamba kuna mtu anajaribu kuirejesha. Muda unaweza kuwa saa kadhaa au siku kadhaa. Usitume ombi jipya juu ya lile linalosubiri, tulia.

Niko Muscat, akaunti niliifungua nikiwa Zanzibar. Nina nafasi?

Nafasi ipo, ila mambo mawili yanakupunguzia: mahali papya na, mara nyingi, simu mpya. Kama nyumbani kuna kifaa ulichokiacha akaunti ikiwa wazi, mtu unayemwamini akishike mkononi mkiwa kwenye simu ya sauti, na wewe ndiye uanzishe ombi. Swali likitokea kule, abonyeze baada ya wewe kumwambia, si kabla. Na kama laini ya nyumbani bado iko hai, unaweza kuiweka kwenye simu huko huko ikiwa na huduma ya kutumika nje ya nchi. Jaribu kwanza kwa kutumiana ujumbe wa kawaida na jamaa, ukiona umeingia ndipo uombe msimbo.

Kuna fundi anasema ana mtu Google, anataka elfu hamsini.

Hana. Google haina namba ya simu unayopiga ili ufunguliwe akaunti, na imesema wazi haishirikiani na huduma yoyote inayodai kutoa msaada wa nywila. Fundi mwaminifu anaweza kulipwa kwa muda wake, kwa waya wa OTG, kwa kubadili kioo ili simu ifunguke. Anayeomba nywila yako ya zamani na msimbo "ili akamalizie kwake" anajitafutia akaunti.

Je, kama mtu ameiba akaunti akabadilisha namba na anwani yangu?

Hapo kimbia leo, usisubiri mwisho wa wiki. Namba au anwani ya akiba ikibadilishwa, kwa siku 7 Google inaweza bado kukubali kutuma misimbo kwenye ile iliyokuwepo kabla. Yaani ile unayodhani imefutwa huenda bado inafanya kazi, mradi uko ndani ya wiki hiyo.

Nimefanikiwa kuingia! Nibadilishe nini kwanza?

Nenda `myaccount.google.com/security`. Badilisha nywila, kisha weka namba unayoitumia sasa na anwani ambayo unaifungua kweli.

Halafu angalia kitu ambacho wengi hukiruka. Namba ya kurejeshea akaunti na namba ya uthibitishaji wa hatua mbili huwekwa sehemu mbili tofauti. Ukibadilisha moja, nyingine inabaki na laini ya yule mama mkali. Fungua pia `myaccount.google.com/phone`, pale utaona namba zilizounganishwa na akaunti yako na zinatumika wapi. Futa iliyokufa kila inapojitokeza.

Toa misimbo 10 ya akiba, ichapishe, iweke palipo na cheti chako cha kuzaliwa. Usiipige picha ukaiacha ndani ya simu ileile. Na tangu 2025 unaweza kuweka watu unaowaamini, hadi 10, wa kukuthibitishia siku ukifungiwa. Kwenye menyu wanaitwa `Recovery contacts`. Mimi nimemweka dada yangu, kwa sababu habadilishi namba hata aibiwe simu mara tatu.

Na ikishindikana kabisa?

Hilo hutokea. Hakuna kifaa, hakuna nywila unayoikumbuka, namba imeuzwa, Yahoo imefutwa: hakuna cha kumwonyesha mlinzi wa mlango, na hakuna ofisi ya kwenda kulalamika na kitambulisho mkononi.

Ila angalia unachoweza kuokoa. Picha na namba za watu zilizo kwenye simu yenyewe zinaweza kunakiliwa kwa waya kwenda kwenye kompyuta bila akaunti kufunguka. Kisha fungua anwani mpya na uanze na sehemu zinazotegemea ile ya zamani: benki, bodi ya mikopo, maombi ya kazi. Kote huko bado unaweza kufika dirishani ukiwa na kitambulisho, na hiyo ndiyo tofauti yao na Gmail.

Anwani ya zamani haitapewa mtu mwingine, Google haitoi upya anwani za Gmail hata zikifutwa. Lakini akaunti isiyoguswa kwa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo, kwa hiyo siku ukiipata ile tableti kwa bibi, ichaji siku hiyo hiyo.